Kabla Hujasema "Umefundisha Vizuri"

Nilipokuwa mazoezini, mtu wa kwanza kunikagua alikaa nyuma ya darasa kwa robo saa, akatia tiki kwenye fomu, kisha mlangoni akaniambia: "Umefundisha vizuri, ila jitahidi kuwashirikisha wanafunzi." Nilimshukuru. Usiku nikakaa na andalio la kesho nikijiuliza niwashirikishe vipi, dakika ya ngapi, na ni kipi nilichofanya asubuhi ambacho hakikuwa kuwashirikisha. Sikupata jibu. Kesho yake nikafundisha vilevile.

Sentensi ile bado naisikia kwa walimu walezi wanaopokea walimu tarajali kila msimu wa mazoezi. Wanaisema kwa nia njema kabisa, lakini ndani yake hamna kitu ambacho mtu anaweza kukishika mkononi na kukifanya. Ndiyo maana nimeandika mazungumzo yafuatayo, ya mlezi mmoja na mwalimu tarajali mmoja baada ya kipindi kimoja cha hisabati, ili yasomwe kwa sauti na kuigizwa kwenye mafunzo ya walezi, vyuoni au kwenye vikao vya MEWAKA shuleni. Kipindi chenyewe nimekitunga, ila kila kilichomo nimekiona madarasani mara nyingi.

Mazungumzo mazuri huanza kabla ya kipindi. Asubuhi hiyo mlezi alimuuliza tarajali: "Leo ungependa nikuangalizie nini?" Akajibiwa: "Kama wanaelewa." Basi mlezi akakaa nyuma na daftari lililochorwa mstari katikati. Upande wa kushoto aliandika saa na maneno ya mwalimu, na upande wa kulia walichofanya wanafunzi. Hakuandika "vizuri" wala "dhaifu" popote. Mistari yake ilikuwa kama huu: "3:34. Mwalimu: Tumeelewana? Darasa: Ndiyo mwalimu. Dawati la tano kulia, wawili wanaitikia huku wanachonga penseli." Neno kama "dhaifu" likishaandikwa linatafuta ushahidi wa kulitetea. Mstari kama huo mnaweza kuuangalia wawili bila mmoja kuwa mshtakiwa.

Somo lilikuwa la Darasa la Nne, kulinganisha sehemu ambazo kiasi chake ni 1: ipi kubwa, 1/3 au 1/4? Darasa lina wanafunzi 60, kipindi ni dakika 40. Mwishoni tarajali alitoa zoezi la maswali matatu. Mlezi aliomba madaftari kumi, akiyachukua kila dawati la tatu na si ya wale wanaonyoosha mikono, akayasoma wakati wa mapumziko. Hakuzungumza na tarajali mlangoni wala mbele ya walimu wenzake. Walikutana saa 7:30 mchana kwenye darasa tupu, wakakaa upande mmoja wa dawati, madaftari mbele yao.

TARAJALI: Shikamoo, mwalimu.

MLEZI: Marahaba, mwalimu. Umeshakula?

TARAJALI: Nimeshakula, asante.

MLEZI: Haya. Asubuhi uliniomba nikuangalizie kama wanaelewa. Kwenye andalio lako, pale kwenye tafakuri, umeandika nini?

TARAJALI: "Wanafunzi wengi wameelewa somo."

MLEZI: Ulijuaje? Nauliza kwa kutaka kujua ulichokiona wewe pale mbele.

TARAJALI: Nilikuwa nawauliza kila hatua. Wanaitikia. Na wale niliowataja walijibu sawa.

Hapa walezi wengi wangeteleza. Majibu yote anayo mkononi, na hamu ya kuyatoa ni kubwa. Lakini tarajali ametaja vitu viwili alivyovitegemea, kuitikia na majibu ya waliotajwa, na vyote viwili vimo kwenye daftari. Kazi ya mlezi sasa ni kumwekea ushahidi mbele yake na kunyamaza.

MLEZI: Nilihesabu maswali uliyouliza, yalikuwa 26. Kumi na saba darasa zima lilijibu kwa pamoja, na kati ya hayo, mara sita swali lilikuwa "Tumeelewana?" Tisa alijibu mwanafunzi mmoja mmoja. Nimechora madawati hapa na kutia alama kwa kila aliyejibu. Hebu tazama.

TARAJALI: (anatazama) Alama ni za mbele tu.

MLEZI: Saba kati ya tisa, madawati mawili ya mbele. Na haya ni madaftari kumi. Swali la kwanza, lile la 1/3 na 1/4, wamepata wote. Yafungue, uangalie swali la tatu.

TARAJALI: "Ipi kubwa, 1/6 au 1/8?" Huyu kaandika 1/8. Huyu pia 1/8. (anaendelea kufungua) Saba, mwalimu. Saba kati ya kumi wamekosa.

MLEZI: (anasubiri)

TARAJALI: Lakini la kwanza wamepata wote!

MLEZI: Unadhani kwa nini?

TARAJALI: Lile lilikuwa ubaoni. Wamenakili. (kimya) Wanaona 8 ni kubwa kuliko 6, basi 1/8 ni kubwa. Na mimi nilikuwa nauliza wameelewa, wanasema ndiyo.

Kimya kile kwenye mabano kiachwe kiwe kirefu hata mkiwa mnaigiza. Mwalimu kijana aliyegundua mwenyewe kwamba "ndiyo mwalimu" si jibu halazimiki kushawishiwa tena. Walezi wanaosoma mazungumzo haya mara ya kwanza karibu wote huweka maneno hapo: "Unaona sasa?" au "Usivunjike moyo." Yote mawili humtoa tarajali kwenye madaftari na kumrudisha kwenye nafsi yake, aanze kujiuliza kama yeye ni mwalimu mbaya. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walipokusanya tafiti nyingi za mrejesho mwaka 1996, waliona kwamba mara zaidi ya moja kwa kila tatu, mrejesho ulishusha utendaji badala ya kuupandisha. Maelezo yao ni kwamba unapovuta fikra za mtu zitoke kwenye kazi ziende kwenye nafsi yake, kazi haipati faida. Sifa nazo humvuta mtu vilevile. "Wewe una kipaji" humpendeza, lakini haimwambii afanye nini kesho.

MLEZI: Kuna jambo moja nitakueleza moja kwa moja, kwa sababu hukuwa na njia ya kuliona. Duara la 1/3 ulilolichora ubaoni lilikuwa kubwa kuliko duara la 1/4. Tukilinganisha sehemu, kitu kizima lazima kiwe na ukubwa uleule, la sivyo mtoto anapata jibu sahihi kwa kuangalia ukubwa wa mchoro. Kesho tumia mistatili miwili yenye urefu mmoja, mmoja chini ya mwenzake. Ipime kwa rula.

TARAJALI: Sawa, sikuwa nimeliona hilo.

MLEZI: Sasa turudi kwenye kujua kama wanaelewa. Mfano wako wa mche wa sabuni uliwashika. Ulipouliza nani atapata kipande kikubwa, wanaogawana watatu au wanaogawana wanne, yule mtoto wa kona ya nyuma aliyekuwa amelala kwenye dawati aliinuka. Nimeandika hapa, 3:29. Kama ungeuliza kitu kimoja badala ya "Tumeelewana?", pale kabla ya zoezi, ungeuliza nini?

TARAJALI: Ningewauliza 1/6 na 1/8.

MLEZI: Kwa nini hizo?

TARAJALI: Kwa sababu asiyeelewa atakosa. Kama ningeuliza 2/5 na 3/5, hata yule anayeangalia namba kubwa tu angepata.

MLEZI: Hapo umefika. Sasa utajuaje jibu la watoto 60, si la mmoja?

TARAJALI: Wanyooshe mikono? Hapana, watatazamana.

MLEZI: Wakiweka vidole kifuani?

TARAJALI: Kidole kimoja 1/6, viwili 1/8. Lakini mtu anaweza kubahatisha.

MLEZI: Nusu ya wanaobahatisha watapata. Ongeza jibu la tatu.

TARAJALI: Vidole vitatu, "zinalingana". Halafu niwaulize wawili sababu, mmoja aliyepata na mmoja aliyekosa.

MLEZI: Na anza na aliyekosa, kabla hujasema jibu lipi ni sahihi. Ukianza na aliyepata, yule mwingine atageuza maneno yake. Simama pale mbele, mimi ni darasa. Nifanyie.

TARAJALI: (anasimama) Sasa wanafunzi, nataka kila mmoja afikirie swali hili, ipi ni kubwa kati ya 1/6 na 1/8, na kama unafikiri ni 1/6 utaonyesha kidole kimoja, na kama ni 1/8 utaonyesha viwili, au kama zinalingana vitatu, lakini usimwonyeshe mwenzako, uweke hapa kifuani...

MLEZI: (ananyoosha vidole vitano) Mimi nimeshasahau swali.

TARAJALI: Ni maneno mengi.

MLEZI: Andika majibu ubaoni kwanza, kila jibu na namba yake. Halafu jaribu tena.

TARAJALI: (anaandika) Someni kimya. Fikiri, usiseme. (anahesabu moyoni hadi tano) Vidole kifuani. Moja, mbili, tatu, onyesha.

MLEZI: Vizuri, hapo nimeelewa la kufanya. Ukiona vidole viwili vingi, utafanya nini?

TARAJALI: Nitarudi kwenye sabuni. Mche mmoja wagawane sita, mche mwingine wagawane wanane.

MLEZI: Vingi ni vingapi? Sema sasa, maana pale mbele utapenda kuona vichache.

TARAJALI: Zaidi ya ishirini.

MLEZI: Theluthi ya darasa. Sawa. Na wakiwa kumi?

TARAJALI: Nitatoa zoezi, halafu nitakaa na wale kumi.

MLEZI: Andika hayo kwenye andalio lako kwa maneno yako. Alhamisi nitakuja dakika kumi tu, muda huo wa swali. Nitahesabu vidole pamoja na wewe, tuone kama hesabu zetu zinalingana.

Mazungumzo haya yanachukua kama dakika ishirini yakienda kwa mwendo wake. Ukiyarefusha zaidi ya hapo, tarajali ataondoka na mambo matano na kufanya sifuri.

Kuna mengi aliyoyaona mlezi na akayaacha, na kuacha huko ndiko kugumu kuliko yote. Aliona kwamba tarajali hasubiri. Akishauliza swali, sekunde moja haijapita tayari anamtaja mtu au anajijibu mwenyewe. Ni jambo la kweli na lina uzito. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza vipindi vya sayansi vya shule za msingi na kuandika juu yavyo mwaka 1974, alikuta walimu wakisubiri kwa wastani sekunde moja, na walipojifunza kusubiri tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka na waliojitokeza kujibu wakaongezeka. Mlezi alilijua hilo. Hakulitaja kwa jina, ila tazameni mahali tarajali anapohesabu moyoni hadi tano. Kusubiri kumeingia ndani ya kitendo kimoja walichokichagua. Uchafu wa ubao, sauti inayoshuka mwisho wa sentensi, na safu ya kushoto isiyotazamwa kamwe vinaweza kungoja wiki ijayo.

Aliyachaguaje haya mawili, duara na swali la vidole? Kipimo changu ni kujiuliza: jambo hili likirekebishwa, madaftari ya kesho yatakuwa tofauti? Mwandiko wa ubaoni ukiboreshwa, swali la tatu bado lingekoswa na saba kati ya kumi. Swali zuri kabla ya zoezi lingemwonyesha mwalimu kosa dakika kumi mapema, wakati bado ana muda wa kurudi kwenye sabuni.

Mmeona pia kwamba mlezi aliuliza mahali pengi lakini kuhusu duara alieleza tu. Baadhi ya walezi waliofundishwa kwamba mrejesho mzuri ni wa maswali humzungusha tarajali: "Unafikiri maduara yako yalikuwaje?" "Hebu fikiri tena." Huo ni mtihani wa kubahatisha kilichomo kichwani mwa mkubwa, na kijana anaujua. Kosa la somo lenyewe lisemwe waziwazi, kwa sentensi mbili tatu, pamoja na namna ya kulirekebisha. Maswali yabaki kwa yale ambayo ushahidi wake uko mezani na tarajali anaweza kuyafikia kwa macho yake. Na kama ni jambo linalomdhuru mtoto, kwa mfano mwanafunzi amedhihakiwa mbele ya wenzake kwa kukosa, haliingizwi katikati ya mazungumzo ya kujifunza kama haya. Linasemwa siku hiyohiyo, peke yake, bila kupambwa.

Sifa nayo ilitolewa mara moja tu yenye uzito, na ilikuwa na saa: 3:29, mche wa sabuni, mtoto wa kona ya nyuma aliyeinuka. Sipendi ule mtindo wa kuanza na sifa, kati kosa, mwisho sifa. Baada ya mara mbili tarajali huujua, na kila unapomsifu moyo wake hujikunja akisubiri "lakini". Sifa ya sabuni ilikuwa na kazi, kwani sabuni ndicho kifaa atakachokitumia Alhamisi.

Si kila tarajali atafungua madaftari na kuona. Wako watakaojitetea, na walezi wanahitaji kufanya mazoezi ya hali hiyo pia. Chukueni mazungumzo pale penye madaftari, mbadilishe hivi:

TARAJALI: Mwalimu, hawa watoto wa darasa hili ni wazito. Hata mwalimu wao wa hisabati anasema.

MLEZI: Inawezekana walikuja na mapengo. Hawa watatu waliopata swali la tatu, wamekaa wapi?

TARAJALI: (anatazama majina na mchoro) Huyu mbele. Huyu mbele. Huyu... wa nyuma, kona.

MLEZI: Yule wa nyuma ulimuuliza kitu leo?

TARAJALI: Hapana.

MLEZI: Tungejuaje anachokijua?

Mlezi hakubishana juu ya uzito wa watoto. Alikubali kinachoweza kukubalika, akarudi kwenye karatasi. Mkibishana juu ya watoto kwa ujumla hamtaumaliza ubishi huo, maana hauna cha kupimia. Na kama tarajali anatokwa machozi, funga madaftari, mpe maji, pangeni mtakutana kesho saa ngapi. Mtu anayelia hasikii habari za 1/6.

Kuna mpaka ambao mazungumzo haya hayawezi kuuvuka. Mlezi akiwa ndiye anayetoa alama za mazoezi, na siku ikiwa ya kutoa alama, tarajali hatasema "wamenakili." Atatetea alama yake, na hana kosa. Kwa hiyo pale chuo kinapotaka mtu mmoja afanye yote mawili, tenganisha siku. Mwambie waziwazi: "Leo sina fomu." Halafu kweli usiwe nayo.

Kwenye mafunzo, wagaweni walezi watatu watatu. Mmoja asome nafasi ya mlezi, mmoja ya tarajali, wa tatu awe na saa na karatasi, akihesabu muda ambao mlezi ameongea. Mara ya kwanza someni kama yalivyoandikwa. Mara ya pili fungeni karatasi, mtumie kipindi halisi mlichokiona wiki hiyo, na madaftari kumi halisi. Ndipo shida hujitokeza: mlezi aliyesoma vizuri kabisa huanza kuhutubia. Wa tatu asimkatize. Mwishoni amwonyeshe dakika alizozihesabu na amuulize swali lilelile: "Ulijuaje kwamba alikuelewa?"

Na mkirudi shuleni Alhamisi, mtakuta mara nyingine vidole havikuonyeshwa kabisa. Tarajali alisahau, au kengele ilimwahi, au aliogopa kuona viwili vingi. Usianze na sababu. Fungua daftari lako lenye mstari katikati na useme: "Nilikuwa hapa kuanzia 3:45 hadi 3:55. Swali la vidole halikuulizwa. Tulipange liingie dakika ya ngapi kesho?"